Ritani inanidai 116,000: je, ninalipa kodi mara mbili?

Mpendwa Mshauri,

Nauza vifaa vya umeme, na nimesajiliwa kulipa kodi ya ongezeko la thamani miezi miwili tu iliyopita. Kiwango chetu ni asilimia 20, na hesabu zote ninazokuandikia hapa, za kununua na za kuuza, zina kodi ndani yake. Mwezi wa kwanza nilinunua mzigo wa 1,200,000 nikauza 600,000, na ritani haikunidai kitu. Mwezi wa pili nilinunua wa 120,000 tu, nikauza 1,080,000, ritani ikatoka nadaiwa 116,000. Fedha hiyo sina. Halafu kodi nilishamlipa muuzaji wa jumla niliponunua, sasa mbona nalipa tena? Kijana anayenijazia ritani anasema ndivyo sheria ilivyo.

Jambo jingine: feni ninayoinunua kwa muuzaji huyo 6,000 na kuiuza 7,800, kuna mtu ambaye hajasajiliwa ananipa kwa 5,500. Nihamie kwake?

Mama mwenye duka

*

Dada yangu, kabla ya yote: hudaiwi 116,000. Kwa takwimu ulizoniandikia, unadaiwa 60,000. Nitakuonyesha hizo 56,000 za ziada zimetoka wapi, lakini tuanze na hilo la kulipa mara mbili, maana ukishalielewa, kosa la ritani utaliona mwenyewe.

Tuichukue hiyo feni moja. Ulipolipa 6,000 kwa muuzaji wa jumla, bei ya feni ilikuwa 5,000, na 1,000 ilikuwa kodi. Kwako wewe hiyo 1,000 inaitwa kodi ya manunuzi. Ulipoiuza 7,800, bei ya feni ilikuwa 6,500, na 1,300 ilikuwa kodi. Hiyo ndiyo kodi ya mauzo. Mwisho wa mwezi unachukua kodi ya mauzo, unatoa kodi ya manunuzi, na kinachobaki ndicho unachopeleka: 1,300 toa 1,000, unapeleka 300.

Sasa jiulize, hiyo 1,300 yote nani kailipa? Ni yule mteja aliyeichukua feni akaenda kuitumia nyumbani kwake. Wewe ulimtangulizia 1,000 uliponunua, naye akakurudishia yote ndani ya ile 7,800, pamoja na 300 ya kupeleka serikalini. Mkononi umebaki na 7,800, toa 6,000 uliyomlipa muuzaji, toa 300 uliyopeleka, sawa na 1,500. Na 1,500 ndiyo tofauti kati ya 5,000 na 6,500, bei zisizo na kodi. Hakuna hata senti moja ya kodi hii iliyotoka kwenye faida yako, mradi hesabu imekwenda sawasawa na ankara zako ni halali. Ile 300 nayo ni asilimia 20 ya hiyo 1,500, na ndiyo maana ikaitwa kodi ya ongezeko la thamani: kila mwenye kushika bidhaa njiani anapeleka kodi ya kile alichoongeza yeye.

Hiyo 1,500 usidhani ni faida safi. Ndani yake kuna mshahara wa kijana wako, na mshahara hauna kodi ya manunuzi ya kutoa. Ndiyo sababu mtu anaweza kumaliza mwezi akiwa na hasara na bado akadaiwa kodi hii. Ni kodi ya mauzo na manunuzi, haiulizi umepata faida au hukupata.

Tuje kwenye ritani zako. Nimeizungusha hesabu ya kijana mpaka nikaipata 116,000, na kosa ni hili: amechukua mauzo yako yenye kodi ndani akayaandika mahali ambapo fomu inataka mauzo yasiyo na kodi. Fomu nyingi za ritani zimewekwa hivyo. Kisanduku cha mauzo kinataka thamani kabla ya kodi, kisha mfumo unazidisha wenyewe kwa kiwango. Ukiandika 1,080,000 pale, mfumo unaamini hiyo ndiyo bei tupu, unakukokotolea kodi ya 216,000. Yaani umetozwa kodi juu ya kodi. Kwenye manunuzi hakukosea, kwa sababu kodi alikuwa anaisoma kwenye ankara ilivyoandikwa. Kwa hiyo upande mmoja umevimba na mwingine uko sawa, na tofauti yote imekuangukia wewe.

Kuitoa kodi ndani ya bei iliyokwisha kuchanganywa hakufanywi kwa kuzidisha kwa 20. Bei yenye kodi ni sehemu 120: 100 za bidhaa na 20 za kodi. Kwa hiyo unazidisha kwa 20 na kugawanya kwa 120. Njia ni moja kwa kiwango chochote:

```
kodi = bei yenye kodi × kiwango ÷ (100 + kiwango)
```

Anayetozwa asilimia 18 atazidisha kwa 18 na kugawanya kwa 118. Wa asilimia 16 atagawanya kwa 116. Wewe wa 20 una bahati, maana 20 juu ya 120 ni moja ya sita, unaweza kugawanya kwa sita tu. Ukitaka kuhakikisha, toa kodi uliyoipata kwenye bei nzima, kinachobaki kizidishe kwa asilimia 20. Ikirudi kodi ile ile, umepatia. Jaribu na mauzo yako ya mwezi wa pili: 1,080,000 gawanya kwa sita ni 180,000. Bei tupu ni 900,000. Asilimia 20 ya 900,000 ni 180,000. Imekubali. Sasa jaribu ya kijana: 1,080,000 toa 216,000 inabaki 864,000, na asilimia 20 yake ni 172,800. Imekataa. Nakuomba umfundishe jaribio hilo kabla hajajaza ritani nyingine, kwa sababu kosa hili halipigi kelele. Mfumo unalipokea, unakutolea namba ya malipo, na mamlaka ya mapato haina sababu ya kukupigia simu kukwambia kwamba umelipa kupita kiasi.

Basi twende mwezi kwa mwezi. Mwezi wa kwanza, ndani ya manunuzi ya 1,200,000 mlikuwa na kodi ya 200,000. Ndani ya mauzo ya 600,000 mlikuwa na kodi ya 100,000. Kodi ya manunuzi imezidi kwa 100,000, kwa hiyo hukudaiwa, na hiyo 100,000 ni haki yako inayohamia mwezi unaofuata. Kijana yeye aliipata 80,000, kwa kuwa aliyahesabia mauzo kodi ya 120,000. Mwezi wa pili kodi ya mauzo ni 180,000, kodi ya manunuzi ni 20,000, na una 100,000 uliyoibeba kutoka mwezi wa kwanza. 180,000 toa 20,000, toa 100,000, inabaki 60,000. Kwa kijana ilikuwa 216,000 toa 20,000, toa 80,000, ndiyo ile 116,000. Umeona kwamba kosa limekula mara mbili: 20,000 za mwezi wa kwanza zilikatwa kimyakimya kwenye salio lako, wakati wewe ulidhani mwezi ule haukuwa na tatizo, na 36,000 za mwezi wa pili.

Ukitaka kuipima hiyo 60,000 kwa njia nyingine, jumlisha miezi yote miwili. Mauzo bila kodi ni 500,000 na 900,000, jumla 1,400,000. Manunuzi bila kodi ni 1,000,000 na 100,000, jumla 1,100,000. Tofauti ni 300,000, na asilimia 20 yake ni 60,000. Hesabu hii ya jumla ifanye kila baada ya miezi michache. Mradi vyote ulivyouza na kununua vimetozwa kiwango kimoja, na ankara zako zote zimekubaliwa, inapaswa kukutana na jumla ya ulicholipa, ukijumlisha salio uliloanza nalo na kutoa salio linalobaki mwishoni. Isipokutana, kuna mwezi mmoja uliojazwa vibaya.

Sasa, hata hiyo 60,000 imekukuta mikono mitupu, na hapa ndipo wafanyabiashara wengi wapya wanapoumia. Kodi ya manunuzi inatolewa mwezi uliponunua, haisubiri mzigo uuzwe. Mwezi wa kwanza ulinunua mzigo mkubwa, ukadai kodi yake yote mara moja, na wakati huo sehemu ya mzigo ilikuwa bado rafuni. Ule haukuwa mwezi wa bure. Mzigo uliobaki ulikuwa tayari umeshadaiwa kodi yake, kwa hiyo ulipouzwa mwezi wa pili, kodi yake ya mauzo ilikuja bila kuwa na manunuzi mapya ya kutosha kuipunguza. Kila mwenye duka anayenunua kwa mkupuo na kuuza polepole atapata mwezi mmoja wa ahueni na mwezi mwingine mzito. Salio likizidi upande wa manunuzi kwa miezi mingi mfululizo, kwa kawaida sheria inakupa njia ya kuomba marejesho, lakini kwa duka linalouza mzigo wake kwa faida hali hiyo huisha yenyewe.

Dawa yake ni kuitenga kodi ya mauzo siku ile ile inapoingia. Kila jioni ukifunga hesabu, chukua mauzo ya siku, gawanya kwa sita, na hiyo sehemu ya sita iandike pembeni kuwa si yako. Halafu usiifunge yote hadi mwisho wa mwezi. Uliponunua mzigo na kulipa kodi, toa kiasi hicho humo. Kinachobaki kihamishie kwenye akaunti nyingine au hata laini nyingine ya simu, popote ambapo mkono hauendi kwa mazoea. Mwezi wa pili ziliingia kwako 180,000 za kodi kutoka kwa wateja, na naamini hazikupotea, ila zilikaa kwenye droo moja na mtaji zikatumika kama mtaji.

Kuna jambo hukuliuliza, lakini kwa biashara ya vifaa vya umeme litakukuta: mafundi wanaochukua vitu kwa mkopo. Kwa sheria nyingi kodi ya mauzo inaanza kudaiwa unapotoa ankara au unapokabidhi bidhaa, lolote lililotangulia, hata kama fundi hajakulipa. Ukikabidhi nyaya za 240,000 tarehe 28 na fundi akalipa baada ya miezi miwili, wewe unatoa 40,000 ya kodi mfukoni mwako mwezi huu. Baadhi ya nchi zinawaruhusu wafanyabiashara wadogo kuhesabu kodi pale fedha inapoingia mkononi. Uliza kama kwenu upo utaratibu huo na kama unakufaa, kwa sababu mara nyingi na kodi ya manunuzi nayo utaidai pale tu utakapokuwa umemlipa muuzaji. Utaratibu huo usipokuwepo kwenu, kwa fundi anayekopa ni halali kabisa kumwambia atangulize angalau sehemu ya kodi.

Na akirudisha kitu, usiifute ankara ya zamani wala usiirudie ritani iliyopita. Unatoa hati ya kupunguza ile ankara, na kodi inapungua kwenye ritani ya mwezi aliorudisha.

Sasa feni ya 5,500. Nakuelewa kwa nini inavutia, lakini itakutia hasara. Mtu ambaye hajasajiliwa haruhusiwi kutoza kodi hii, kwa hiyo katika ile 5,500 hakuna kodi ya manunuzi ya kutoa. Mteja wako anakulipa 7,800 vilevile, na ndani yake kuna kodi ya mauzo ya 1,300 vilevile, ila safari hii unaipeleka yote. 7,800 toa 5,500, toa 1,300, unabaki na 1,000. Kwa muuzaji wako wa sasa ulikuwa unabaki na 1,500. Feni iliyoonekana nafuu kwa 500 imekupunguzia 500. Kwa mtu aliyesajiliwa kama wewe, bei ya kulinganisha siku zote ni bei bila kodi: kwa muuzaji wa jumla feni ni 5,000, kwa huyu mwingine ni 5,500. Akishuka chini ya 5,000, mkae mzungumze. Jirani yako ambaye hajasajiliwa yeye angefanya vyema kununua hiyo ya 5,500, kwa sababu kodi anayotozwa hana mahali pa kuidai. Ndiyo maana ushauri wa jirani kuhusu bei, hata awe mkweli kiasi gani, hautakufaa tena tangu ulipopata namba ya usajili.

Huyo wa 6,000 naye anakufaa kwa sharti moja, nalo ni ankara. Haki ya kutoa kodi ya manunuzi inakaa kwenye ile karatasi, haikai kwenye fedha uliyolipa. Ukiipokea, isome hapo hapo kaunta kabla hujapakia mzigo. Iwe na jina la muuzaji na namba yake ya usajili wa kodi, iwe na namba ya ankara na tarehe, bidhaa zitajwe, na kodi ionekane peke yake, isifichwe ndani ya jumla. Halafu tazama upande wako: jina lako la biashara na namba yako ya mlipakodi. Hapo ndipo watu wengi wanapopoteza. Muuzaji ana haraka, anakutolea risiti ya mashine isiyo na namba ya mnunuzi, nawe unaitia mfukoni. Mahali ambapo ankara zinakwenda kwa mamlaka moja kwa moja kwa mtandao, mfumo unaoanisha unachodai wewe na alichotangaza muuzaji. Risiti isiyo na namba yako haina wa kuoana naye, na kodi yake inakataliwa hata kama ulilipa kweli. Kuibadilisha siku ile ni suala la dakika. Kuibadilisha mwezi ukishafungwa ni kumbembeleza mtu ambaye naye ameshapeleka ritani yake. Na usizilimbikize kusubiri mwezi mzito, kwa sababu sheria inaweka kikomo cha muda wa kudai.

Kumbuka pia kwamba si kila ankara nzuri inakubalika. Kilichonunuliwa kwa matumizi ya nyumbani hakiingii, na nchi nyingi zinakataa kodi ya magari ya kutembelea na ya burudani. Siku ukianza kuuza pia bidhaa zilizosamehewa kodi, kodi ya manunuzi yake hutaidai, na ile ya gharama za pamoja utaigawa kwa uwiano. Kwa duka lako la sasa hilo bado.

Kilichobaki ni kuzirekebisha ritani zako, na mpangilio ni muhimu. Anza na ya mwezi wa kwanza, usianze na hii inayokuuma. Omba marekebisho, weka mauzo 500,000 badala ya 600,000, ili salio linalobebwa lisomeke 100,000. Likishakubaliwa ndipo urekebishe ya mwezi wa pili, mauzo yasomeke 900,000, na uhakikishe kisanduku cha salio lililoletwa kutoka mwezi uliopita kimebadilika kutoka 80,000 kuwa 100,000. Mara nyingine hakibadiliki chenyewe. Ambatisha orodha ya mauzo ya kila siku na risiti zako za mashine, kwa sababu marekebisho yanayopunguza kodi huwa yanaulizwa maswali.

Wakati hayo yanaendelea, lipa 60,000 kabla ya tarehe ya mwisho kama unayo. Kama huna, lipa ulicho nacho na uandike barua ya kuomba kulipa kilichobaki kwa awamu kabla tarehe haijapita. Ritani yenyewe usiicheleweshe kwa kukosa fedha, kwa kuwa adhabu ya kutowasilisha na riba ya kutolipa ni vitu viwili tofauti. Na mwezi ambao hukuuza wala kununua chochote, iwasilishe hivyo hivyo ikiwa na sifuri.